Kila Jina na Kipande Chake cha Ukuta

Maneno yaliyosemwa na mchungaji mbele ya kamati ya maandalizi, wazee wa kanisa na wageni kutoka Dayosisi, katika kikao cha tathmini kilichofanyika Buguruni baada ya sherehe ya jubilei



Mwenyekiti ameniomba nieleze namna lile neno la shukrani la dakika tano lilivyoandikwa. Amesema sharika jirani zinakaribia jubilei zao, na makatibu wao wameuliza. Nimekubali, kwa kuwa katika shughuli zetu neno la shukrani ndilo huachwa hadi mwisho, likaandikwa juu ya goti wakati wageni wanakunywa soda, na ndilo hilo hilo linalobaki midomoni mwa watu mwaka mzima endapo jina la mtu limesahauliwa.

Siku nne kabla ya sherehe, katibu wa kamati alinitumia picha kwa simu. Haikuwa picha ya watu. Ilikuwa picha ya skrini, ile ambayo vijana huiita skrinishoti, yaani simu imeupiga picha uso wake yenyewe. Juu palikuwa na jina la kundi la wasapu la kamati. Chini yake kichwa kwa herufi kubwa: WAFADHILI NA WANAOJITOLEA. Kisha ikafuata orodha yenye namba. Majina mengine yalikuwa kamili, mengine ni Mama na jina la mtoto wake, na mahali pengine iliandikwa kazi tu bila jina la mtu. Mbele ya baadhi ya majina palikuwa na alama ya vema ya kijani. Namba ya mwisho ilikuwa 38, na mstari wake ulikatika katikati ya neno. Ikafuata nukta tatu na maneno mawili, “Soma zaidi”.

Ndugu zangu, maneno hayo mawili ndiyo ya kutazamwa kwanza. Ujumbe ukiwa mrefu, simu huuficha sehemu ya chini mpaka msomaji abonyeze hapo. Ukiwa na ujumbe wenyewe, utabonyeza na kusoma. Lakini ukitumiwa picha ya ujumbe, waweza kubonyeza hata kidole kikachoka, wala hakuna kitakachofunguka. Kwa hiyo sikuanza kuandika. Nilimwomba katibu anitumie ujumbe wenyewe, si picha yake. Ulipofika ulikuwa na mistari 57.

Sasa, watu 19 waliofichwa walikuwa akina nani? Orodha zetu zina desturi ya kuanza na wafadhili, na waliojitolea kwa mikono hufuata chini. Mkato haukuwakuta waliotoa fedha hata mmoja. Uliwakuta wapishi, waosha vyombo, walinzi wa usiku, vijana wa kupanga viti, na akina mama waliochota maji. Laiti neno la shukrani lingeandikwa kutoka katika picha ile peke yake, tungewashukuru wenye mifuko na kuwanyamazia wenye mikono, na hakuna mtu ambaye angekuwa amekusudia hivyo.

Nanyi mtakaopokea picha ya namna hii, tazameni pia kona ya juu. Simu huonyesha saa pale, lakini mara nyingi haionyeshi tarehe. Picha iliyopigwa saa nne asubuhi yaweza kuwa ya leo au ya wiki tatu zilizopita, na kwa kuitazama huwezi kujua. Ni lazima uulize.

Baada ya kupata ujumbe mzima tulikuta tatizo jingine, lililozaliwa na namna orodha hizi zinavyoandikwa. Katika kundi la wasapu hakuna daftari moja ambalo kila mtu analisaini. Mtu huinakili orodha iliyotangulia, huongeza jina lake chini, kisha huituma upya. Watu wawili wakinakili kwa wakati mmoja, kila mmoja atajiandika kuwa namba 41, na kundi litakuwa na orodha mbili. Atakayefuata atainakili ile ya chini, kwa kuwa ndiyo iliyo mbele ya macho yake, na yule namba 41 wa kwanza ataangukia njiani. Yeye mwenyewe hana wasiwasi. Aliliona jina lake kundini kwa macho yake, na siku ya sherehe atakaa akisubiri kulisikia.

Dawa yake ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna nyingine. Katibu na mimi tulirudi nyuma katika mazungumzo ya kundi hadi siku orodha ilipoanza, tukitafuta namba moja yenye majina mawili. Tulipata mbili. Mmoja alikuwa ameahidi jenereta, na ililetwa kweli. Mwingine ni kijana wa bajaji aliyejitolea kuwabeba wazee wasioweza kutembea, kutoka Malapa na Kwa Mnyamani hadi kanisani na kuwarudisha. Wote wawili walikuwa wameshafanya sehemu ya kazi yao, nao hawakuwamo katika mistari 57.

Kisha tulimwita mtunza hazina, kwa sababu majina ya fedha yana hila yake. Mtu anapotuma mchango kwa simu, ujumbe wa mapokezi huleta jina ambalo laini imesajiliwa nalo, wala si lazima liwe jina la aliyetoa. Mwana hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la baba; mke hutuma kwa simu ya mume; mwingine humpa wakala fedha mkononi amtumie. Jina la mzee wetu mmoja lilitokea mara tatu katika orodha. Mwandishi mwenye haraka angeona ni kosa la kunakili, akalifuta mara mbili. Mtunza hazina alipofuatilia, ilionekana kuwa ni watu watatu: mzee mwenyewe, mkewe anayeuza vitenge Kariakoo, na kijana wao wa mwisho aliyetoa mshahara wake wa kwanza. Fikirini mama yule na kijana yule wanasikia jina la baba likishukuriwa kwa kilichotoka katika mikono yao.

Juu ya zile alama za vema nitasema machache. Katika orodha yetu alama ilimaanisha fedha imefika. Asiyekuwa na alama alikuwa bado katika ahadi, au amelipa lakini hakuna aliyemwekea alama. Muulize mtunza hazina faraghani, usimuulize mtoaji. Na mwenye ahadi ambayo haijatimia usimtaje kwa jina mbele ya Baba Askofu, hata kama unamtakia mema, maana shukrani hiyo mbele ya watu hugeuka kuwa dai. Tulibaki na ahadi tano za namna hiyo. Hazikutajwa kwa jina, na nne kati yake zilitimizwa baadaye kwa amani. Vilevile mtofautishe aliyetoa, aliyeazima, aliyepunguza bei na aliyelipwa bei kamili. Mwenye viti aliyelipwa kwa kila kiti anastahili asante kwa kufika mapema na kwa viti safi. Ukimwita mfadhili, jirani yake aliyetoa turubai bure atajiuliza kwa nini naye hakutoza.

Hapo ndipo tulipokuwa na orodha ya kweli. Lakini orodha bado si hotuba, na hapa naomba mnisikilize kidogo kama mtu aliyesoma chuo cha theolojia.

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni orodha tupu. Wahubiri wengi huiruka. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba karibu kila jina limefungwa na mahali mtu huyo alipojenga. Eliashibu kuhani mkuu na ndugu zake wapo Lango la Kondoo. Malkiya mwana wa Rekabu, mtu mwenye madaraka, yupo Lango la Jaa, mahali pa takataka. Wamo wafua dhahabu na watengeneza marhamu, watu wa vidole laini ambao hukuwatazamia kwenye mawe. Shalumu ametajwa pamoja na binti zake. Wafanyabiashara wamo mstari wa mwisho. Hata wakuu wa Tekoa waliokataa kuinama wameandikwa, ingawa katika jambo hilo sikuwashauri wanakamati wamwige mwandishi yule. Nehemia hakusema tu kwamba anawashukuru wote waliojenga ukuta. Kila mmoja alipewa kipande chake.

Kwa upande mwingine tunayo Sanamu ya Askari hapa mjini, katika Barabara ya Samora. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Ni maneno ya heshima, lakini hayana jina la mpagazi hata mmoja. Kariakoo yetu imepata jina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi, na leo tunaponunua nyanya pale hatuwezi kumtaja mtu mmoja kati yao kwa sababu ya jiwe lile. Ndivyo inavyokuwa msemaji anaposimama na kusema, “Tunawashukuru wote kwa ujumla wenu.” Neno “wote” halina kosa, ila hakuna anayejisikia ndani yake.

Basi tulichukua karatasi na kuipiga mistari miwili ili tupate safu tatu. Ya kwanza jina, ya pili alichofanya, ya tatu kilichowezekana kwa sababu yake. Safu ya tatu ndiyo iliyotusumbua, na ndiyo iliyoandika hotuba. Mfano, orodha ilisema tu “mchele kilo 100”. Tulimuuliza mpishi mkuu, naye akasema kwamba ndio mchele uliopikwa kwa watoto wa Shule ya Jumapili na wageni wao, ambao hawakuwamo katika bajeti. Mahali pengine palisema “mchinjaji”, bila jina. Tulipouliza tuliambiwa ni jirani yetu Mwislamu, ambaye aliamka kabla ya swala ya alfajiri, akaswali, akaja kuchinja ng'ombe, ili majirani zetu Waislamu tuliowaalika wale bila mashaka. Neno moja la orodha lilikuwa limeficha tendo kubwa la ujirani.

Tulipouliza hivyo, wakajitokeza na wale wasiokuwa katika orodha yoyote, kwa kuwa kundi la wasapu huwajua wenye simu za kugusa tu. Bibi mmoja wa Rozana alileta kuni kila jioni kwa siku tatu. Simu yake ni ya vibonyezo. Mkalimani wa lugha ya alama, aliyesimama saa zote mbele ya ndugu zetu viziwi, hakuwa mshiriki wa kundi. Wa mwisho kugunduliwa alikuwa katibu mwenyewe. Alikuwa ameandika majina ya wote, la kwake hakuliandika. Katika Warumi sura ya 16, baada ya Fibi, Priska, Akila na majina mengi, ghafla anatokea Tertio, aliyeushika uandishi wa waraka, akatuma salamu zake mwenyewe. Katibu wetu hakuwa na ujasiri wa Tertio, basi tulimwandika sisi.

Ikabaki hesabu ya muda. Ratiba ilinipa dakika tano. Jina moja na tendo lake, likisemwa kwa utulivu, huchukua kama sekunde nane. Tukichukua ile mistari 57 peke yake ni sekunde 456, yaani zaidi ya dakika saba na nusu, bila salamu na bila makofi. Nasi tulikuwa na watu zaidi ya hao. Tuliamua kuwagawa kwa vipande vya ukuta: chakula, usafiri, mahali, sauti na ulinzi. Katika kila kipande walitajwa wachache kwa tendo lao, na waliobaki walisimama pamoja wakaonekana. Orodha kamili ilibandikwa mlangoni tangu asubuhi, na msemaji aliitaja, ili asiyesikia jina lake ajue mahali lilipo.

Nitawasomea sasa yale yaliyosemwa. Majina nimeyaacha katika maandishi haya, kwa kuwa baadhi ya wenyewe waliomba yatajwe kwa mdomo tu, yasichapwe.

“Baba Askofu, wageni wetu waheshimiwa, washarika wapendwa. Itifaki imezingatiwa, nami nimepewa dakika tano.

“Mmekula. Mchele mlioula ninyi wakubwa ulinunuliwa kwa michango yenu. Ule walioula watoto, kilo 100, ulitoka kwa mama mmoja anayeuza nafaka sokoni hapa Buguruni. Mama, simama watoto wakuone. Nyama ilichinjwa na jirani yetu huyu, aliyekuja kwetu akitoka kuswali, ili meza iwe moja. Jirani, ahsante sana. Kuni zililetwa na bibi wa Rozana, kwa kichwa chake, jioni tatu. Wapishi na waosha vyombo, wengine bado mko jikoni. Naomba wanaokaa karibu na dirisha wawaite watoke. Tutangoja.

“Wazee mliofika kwa bajaji, dereva wenu hakudai nauli, na bado ana safari ya kuwarudisha. Msimcheleweshe.

“Umeme ulipokatika wakati wa wimbo wa pili, mlisikia kimya cha dakika moja tu. Dakika hiyo ndiyo aliyotumia ndugu huyu kuliwasha jenereta lake. Mama wa vitenge wa Kariakoo aliwauzia wanakwaya kwa bei aliyonunulia. Mkewe mzee wetu, na mwana wenu, kila mmoja ametoa sehemu yake, nasi tunaijua. Mkalimani wetu wa lugha ya alama, mikono yako imefanya kazi kuliko koo zetu.

“Walinzi wa usiku wamelala sasa, na ni haki yao. Turubai, viti na vyombo vilivyoazimwa vitarudishwa kesho saa tatu. Vijana mliojiandikisha, msilale.

“Fedha zimepokelewa na mtunza hazina atatoa taarifa katika kikao. Sitataja kiasi cha mtu. Majina yote yako mlangoni. Asiyeliona lake amwone katibu, ambaye ameandika ya wote akasahau la kwake, nami nalitaja sasa.”

Hapo nililitaja jina lake, nikakaa. Ilikuwa dakika tano na sekunde kama ishirini, kwa sababu ya wale wa jikoni.

Yapo mambo matatu ya siku yenyewe ambayo hayamo katika maandishi. La kwanza, hotuba ilisomwa kutoka katika karatasi yenye herufi kubwa, si kutoka katika simu. Skrini huzimika katikati ya sentensi, na juani haisomeki, na hakuna msemaji anayejua ni nani atampigia wakati huo. La pili, majina yaliulizwa kwa wenyewe. Usharika wa mjini una majina ya Kichaga, Kihaya, Kipare, Kinyakyusa na Kizaramo, na mtu hujua mara moja kama jina lake limesomwa na anayemfahamu au na anayelipapasa. Tuliandika juu ya kila jina gumu namna linavyotamkwa.

La tatu ni onyo. Asubuhi ile kijana mmoja wa mitambo alitaka kuirusha ile picha ya skrini ukutani, ili kila mtu ajione. Alizuiwa kwa wakati, kwa maana picha ilikuwa na namba za simu za watu ambao majina yao hayakuhifadhiwa katika simu ya katibu, na pembeni palikuwa na viwango vya fedha. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, lakini hata bila sheria, namba ambayo mtu ameitoa ili mchango wake upokelewe hakuitoa ionyeshwe mbele ya watu mia kadhaa. Na mjane aliyetoa shilingi elfu mbili hapaswi kuonekana ukutani chini ya aliyetoa milioni.

Baada ya ibada watu watatu walimwendea katibu kwa kuwa hawakujiona mlangoni. Wawili walikuwa wameandikwa kwa majina ya utani na hawakuyatambua; yalisahihishwa papo hapo kwa kalamu. Wa tatu alikuwa amejitolea siku hiyo hiyo, kwa kufagia kiwanja baada ya chakula bila kuombwa na mtu. Aliandikwa chini kabisa, namba 62, na karatasi ile bado iko mlangoni kwa anayetaka kuisoma.